Mbavu Zilizovunjika: Jinsi ya Kumwezesha Majeruhi Avute Pumzi na Akohoe katika Siku za Kwanza

Mtu aliyevunjika mbavu kwa kuanguka au kugongwa, akisalimika katika saa za mwanzo, kwa kawaida hauawi na mifupa yenyewe, kwa kuwa mbavu nyingi huunga zenyewe ndani ya majuma sita hivi bila plasta wala upasuaji. Kinachomuua, hasa akiwa amevuka umri wa miaka 65, ni mlolongo unaoanza kimyakimya kitandani. Kila pumzi inamchoma, kwa hiyo anavuta pumzi fupi za juu juu. Vifuko vidogo vya hewa vilivyo sehemu ya chini ya pafu vinakosa hewa na kunywea. Makohozi ambayo angeyatoa kwa kikohozi kimoja chenye nguvu yanabaki mahali pake, vijidudu vinazaliana humo, na ifikapo siku ya tatu hadi ya tano nimonia inajitokeza kwa mtu ambaye juzi alionekana ana nafuu. Kwa sababu hiyo dawa ya maumivu kwa majeruhi wa mbavu si jambo la huruma tu, bali ndiyo tiba ya mapafu yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi na matabibu wanaompokea majeruhi wa namna hii wodini, na sehemu zake za mazoezi ya pumzi zinaweza kufuatwa pia na ndugu anayemuuguza. Ili hatua zisielee hewani, tutamfuata mgonjwa mmoja wa mfano: mzee wa miaka 68, mwenye kilo 64, aliyeteleza kutoka kwenye ngazi na kuangukia ubavu wa kushoto, akafika hospitalini saa tatu baadaye akiwa anatembea mwenyewe huku ameukumbatia ubavu wake.

Hatua ya kwanza: ondoa kwanza hatari zinazoua kwa dakika

Kabla ya kuzungumzia maumivu ni lazima kujua kama hewa au damu imevuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hesabu pumzi kwa dakika nzima bila kukisia, pima oksijeni kwa kipimo cha kidoleni, pima shinikizo la damu, kisha sikiliza pande zote mbili za kifua na kuzilinganisha. Majeruhi anayehema kwa shida, ambaye upande mmoja hausikiki hewa ikiingia na shinikizo lake linashuka, ana hewa inayolisukuma pafu na moyo, na huyo hutobolewa kifua mara moja na aliyefunzwa bila kungoja eksirei. Upande usiosikika na unaotoa mlio mzito unapogongwa kwa kidole una damu, nao unahitaji mrija wa kifua.

Mahali mbavu zilipovunjika panasema mengi. Mbavu tatu za juu zimekingwa vizuri na bega, hivyo zikivunjika zinaonyesha kwamba nguvu iliyompata ilikuwa kubwa sana, na mishipa mikubwa ya damu iliyo karibu nazo ichunguzwe. Kuanzia ubavu wa tisa kwenda chini, fikiria wengu kwa upande wa kushoto, ini kwa upande wa kulia, na figo kwa nyuma, kwa maana majeruhi anaweza kulalamikia ubavu tu wakati tumbo linavuja damu ndani.

Eksirei ya kifua inahitajika, lakini kazi yake kubwa ni kuonyesha hewa, damu na hali ya pafu. Kwa kuhesabu mbavu si ya kutegemewa, kwa kuwa mivunjiko mingi isiyoachana haionekani humo. Eksirei ya mzee wetu ilionyesha mbavu tatu zilizovunjika, ilhali picha ya CT iliyopigwa baadaye ilionyesha tano, kuanzia ya nne hadi ya nane, na tatu kati yake zilikuwa zimevunjika mahali pawili pawili. Majeruhi ambaye ubavu wake unauma mno unapoguswa mahali pamoja, na anayeshindwa kuvuta pumzi kamili, atibiwe kama aliyevunjika hata picha ikiwa safi.

Hatua ya pili: tafuta kipande cha kifua kilicholegea

Mbavu tatu au zaidi zinazofuatana zikivunjika kila moja mahali pawili au zaidi, kipande cha ukuta wa kifua kinatengana na sehemu nyingine na kubaki kimening'inia kwenye nyama na ngozi tu. Wodini wengi huita hali hii fleli chesti, nami hapa nitaiita kifua legevu. Alama yake ni kwamba kipande hicho huenda kinyume na wenzake: majeruhi anapovuta pumzi, kifua chote kinapanuka lakini kipande kinazama ndani, na anapotoa pumzi, kifua kinashuka lakini kipande kinatokeza nje.

Alama hii hupotea machoni kwa urahisi. Katika saa za kwanza misuli ya kifua hukakamaa kwa maumivu na kukishikilia kipande kisicheze, kisha misuli inapochoka, kipande kinaanza kuyumba. Kwa hiyo mvue majeruhi nguo ya juu, simama miguuni pake, inama hadi macho yako yalingane na kifua chake, na utazame pumzi kumi kamili kwenye mwanga mzuri. Halafu weka viganja viwili pande zote bila kukandamiza, uhisi kama upande mmoja unachelewa au unakwenda kinyume. Rudia uchunguzi huo jioni na kesho yake. Kwa mzee wetu hapakuonekana chochote alipofika, lakini saa kumi baadaye muuguzi wa zamu aliona eneo la ukubwa wa kiganja chini ya kwapa likizama kila alipovuta pumzi.

Hapo zamani iliaminika kwamba kuyumba kwa kipande ndiko kunakomkosesha majeruhi hewa, na tiba ikawa kukifunga kifua kwa bandeji pana au plasta, au kumwekea mfuko mzito wa mchanga. Sasa inajulikana kwamba madhara makubwa yanatokana na mambo mawili: maumivu, na pafu lililopondeka chini ya mbavu hizo. Pafu lililopondeka huvuja damu na maji ndani ya vifuko vya hewa, na uvimbe huo huongezeka kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuanza kupungua, ndiyo maana majeruhi huweza kuwa mbaya zaidi siku ya pili kuliko siku aliyoumia. Kukifunga kifua kunapunguza pumzi ambayo tayari ni ndogo, kwa hiyo kusifanywe kabisa, hata kama majeruhi mwenyewe anaomba afungwe na anasema anapata nafuu. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini ameipata kwa sababu ameacha kuvuta pumzi.

Pafu lililopondeka linataka pia uangalifu katika maji ya dripu. Majeruhi anayevuja damu ajaziwe damu na maji bila kusita, ila aliyetulia asiachiwe dripu ikiendelea kwa mazoea, kwa sababu maji ya ziada huishia kwenye pafu hilohilo.

Hatua ya tatu: uliza maumivu anapokohoa, wala si anapolala

Hapa ndipo ninapoona makosa mengi kuliko mahali pengine popote. Muuguzi anapita, anamwuliza mgonjwa aliyelala tuli kama anaumwa, mgonjwa anajibu kwamba si sana, na kwenye chati inaandikwa tatu kati ya kumi. Kweli haumwi sana, kwa kuwa hajisogezi, hakohoi, na anavuta pumzi za kijuujuu. Swali linalofaa ni hili: vuta pumzi ndefu kadiri uwezavyo, kisha kohoa, halafu niambie maumivu ni kiasi gani kutoka sifuri hadi kumi.

Pamoja na maumivu, pima mambo mengine mawili, na uyaandike yote matatu kwenye chati moja kila baada ya saa nne. La kwanza ni kiasi cha hewa anachoweza kuvuta kwa pumzi moja, kwa kutumia spairometa ndogo ya plastiki yenye kipande kinachopanda kadiri mgonjwa anavyovuta. Weka mstari wa hatari kwenye mililita 15 kwa kila kilo ya uzito unaolingana na urefu wake. Mzee wetu hakuwa mnene wala mwembamba, hivyo mstari wake ulikuwa 15 mara 64, yaani mililita 960, tukauweka kwenye 1,000 ili iwe rahisi kusoma. Jambo la pili ni nguvu ya kikohozi: kina nguvu, ni hafifu, au hakipo kabisa.

Palipokosekana spairometa, mwambie mgonjwa avute pumzi kubwa kisha ahesabu kwa sauti ya kawaida, moja, mbili, tatu, bila kuvuta pumzi nyingine, nawe uandike namba aliyofikia. Namba yenyewe hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo usimlinganishe na jirani yake. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa jana. Aliyehesabu hadi 25 asubuhi na sasa anaishia 14 amepoteza kitu, hata kama anakuambia hajambo.

Usiku ule wa kwanza mzee wetu alisema maumivu ni matatu akiwa amelala na tisa akikohoa, alivuta mililita 600, na kikohozi chake kilikuwa hafifu kama mtu anayesafisha koo. Oksijeni yake ilisoma asilimia 95 akiwa kwenye mrija wa pua. Kama tungeangalia namba hiyo peke yake tungelala usingizi. Oksijeni ya ziada huipandisha namba ya kidoleni hata pale mgonjwa anapopumua vibaya, kwa hiyo namba nzuri ya mtu aliye kwenye oksijeni haithibitishi kwamba mapafu yake yanajaa.

Hatua ya nne: panga dawa za maumivu kwa saa

Msingi ni parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa sita, mchana na usiku, mgonjwa akiomba au asiombe, isizidi gramu 4 kwa siku. Mwenye uzito wa chini ya kilo 50, mwenye ini bovu au mlevi wa muda mrefu apewe kidogo zaidi. Kwa mwenye uzito mdogo hesabu ni miligramu 15 kwa kilo kila mara. Dawa hii peke yake haitoshi kwa mbavu tano, lakini inapunguza kiasi cha mofini kitakachohitajika, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa nane, pamoja na chakula, inasaidia sana mbavu. Hata hivyo isitolewe kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, damu inayoendelea kuvuja, au shinikizo lililoshuka. Kwa mzee ni busara kungoja majibu ya figo kwanza. Mzee wetu alianzishiwa siku ya pili, majibu yalipotoka yakiwa mazuri na damu yake ikiwa haishuki, na aliitumia kwa siku tano tu.

Juu ya msingi huo huja mofini. Kwa mtu mzima mwenye nguvu, mofini ya kunywa miligramu 5 hadi 10 kila baada ya saa nne ni mwanzo unaofaa. Kwa mzee anza na miligramu 2.5 hadi 5. Ikiwa maumivu ni makali sana mwanzoni, toa ya mshipa miligramu 1 hadi 2 kwa wakati, ukingoja dakika tano na kumtazama kabla ya kuongeza. Pamoja na mofini andika siku hiyohiyo dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mtu mwenye mbavu zilizovunjika akilazimika kusukuma choo kigumu anajifunza kuogopa kila kinachokaza kifua, ikiwemo kukohoa.

Kuna wanaoogopa mofini hata wakamwacha mgonjwa ashindwe kupumua kwa maumivu, na kuna wanaoitegemea peke yake hadi mgonjwa anashindwa kupumua kwa usingizi. Njia zote mbili zinaishia kwenye pafu lilelile lililonywea. Kinachotangulia hatari ya mofini ni usingizi, kabla pumzi hazijapungua. Mgonjwa anayesinzia katikati ya sentensi asipewe dozi inayofuata, hata kama saa imefika. Pumzi zikishuka chini ya kumi kwa dakika na haamki vizuri, mwamshe, mwelekeze kuvuta pumzi, mpe oksijeni, mwite daktari, na naloksoni, dawa inayoipinga mofini, mikrogramu 40 hadi 100 itolewe kwa mshipa, ikirudiwa kila dakika mbili au tatu hadi apumue vizuri, bila kumwondolea kinga yote ya maumivu kwa mara moja.

Hilo lilimkaribia mzee wetu. Kwa mofini miligramu 5 kila saa nne alifika mililita 800 tu, na dozi ilipoongezwa hadi miligramu 10 alikutwa usiku akiwa amesinzia sana, pumzi zikiwa tisa kwa dakika. Alikuwa amefika mahali ambapo mofini zaidi ingemdhuru na mofini pungufu isingemsaidia. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji ganzi.

Hatua ya tano: ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya mbavu

Chini ya kila ubavu, kwenye ukingo wake wa chini, unapita mshipa wa fahamu ukiongozana na mishipa ya damu. Ganzi ikiwekwa hapo, ubavu mzima kuanzia hapo kwenda mbele unakufa ganzi, na mgonjwa anakohoa bila kusinzia. Kazi hii ifanywe na aliyefunzwa, mahali penye oksijeni, laini ya mshipa na vifaa vya kuokoa maisha. Naieleza hapa ili muuguzi ajue nini cha kuandaa na nini cha kuangalia, na ili tabibu ajue wakati wa kuiomba.

Mgonjwa hukaa ameinamia mto mbele yake au hulalia ubavu usioumia. Sehemu ya kuchoma iko mgongoni, sentimita 6 hadi 8 kutoka katikati ya uti wa mgongo, mahali ubavu unapohisika vizuri kabla haujapinda kwenda mbele. Sindano nyembamba hugusa mfupa, kisha huteremshwa polepole hadi ivuke ukingo wa chini, na kuingizwa milimita 2 hadi 3 tu zaidi. Hapo sirinji huvutwa nyuma kuhakikisha hakuna damu wala hewa, ndipo dawa hutolewa. Hufanyiwa kila ubavu uliovunjika pamoja na mmoja wa juu na mmoja wa chini yake, kwa sababu mishipa ya fahamu inagawana maeneo.

Hesabu ya dawa ifanyike kwenye karatasi kabla ya kuivuta. Bupivakeini ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 katika kila mililita. Mzee wetu alihitaji mbavu saba, kutoka ya tatu hadi ya tisa, kwa mililita 3 kila moja, jumla mililita 21, ambazo ni miligramu 52.5. Kikomo cha miligramu 2 kwa kilo kwake kilikuwa 128, hivyo alikuwa mbali na hatari. Uangalifu huu una sababu: eneo la kati ya mbavu lina damu nyingi, na dawa huingia mwilini kutoka hapo haraka kuliko karibu sehemu nyingine yoyote inayochomwa ganzi. Mgonjwa akilalamika midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma au anahisi ladha ya chuma mdomoni, sindano isimamishwe hapohapo, kwani kinachofuata ni degedege na moyo kusimama. Hatari nyingine ni kulitoboa pafu, kwa hiyo pumzi na oksijeni vifuatiliwe kwa makini saa za mwanzo, na eksirei irudiwe ikiwa kuna badiliko lolote.

Dakika 30 baada ya sindano mzee wetu alivuta mililita 1,300, na maumivu ya kukohoa yalishuka kutoka tisa hadi manne. Hiyo si dawa mpya ya mapafu. Ni pafu lilelile lililoruhusiwa kufanya kazi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inaisha baada ya saa kadhaa, na kuirudia ni kuchoma upya mara saba. Penye daktari wa nusukaputi mwenye altrasaundi, mrija mwembamba unaweza kuachwa karibu na uti wa mgongo au chini ya misuli ya mgongo ukapitisha ganzi kwa siku kadhaa, na kwa mbavu nyingi au kifua legevu hiyo ndiyo njia bora. Mrija unaowekwa ndani ya uti wa mgongo wenyewe hupunguza maumivu vizuri sana, lakini unaweza kushusha shinikizo la damu na haufai kwa mwenye damu isiyoganda vizuri. Kwa hiyo saa za dawa za kuzuia damu kuganda miguuni zipangwe pamoja na daktari wa nusukaputi.

Hatua ya sita: tumia nafuu hiyo kuvuta pumzi na kukohoa

Dawa bila mazoezi ni nusu ya kazi. Panga mazoezi wakati dawa iko kileleni, yaani kama dakika 45 baada ya mofini ya kunywa au nusu saa baada ya ganzi. Mgonjwa akae wima kitini au kwenye ukingo wa kitanda, kwa sababu akilala chali tumbo linasukuma kiwambo cha chini ya mapafu juu na kumpunguzia nafasi. Akiwa hana budi kulala, kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45.

Kila saa anapokuwa macho avute pumzi kumi ndefu. Avute polepole kupitia puani hadi kifua kijae, aishikilie pumzi kwa sekunde tatu, kisha aitoe taratibu. Akitumia spairometa, avute kwa mdomo, na asiivute kwa kasi, kwani anayevuta kwa kasi huinua kipande cha plastiki bila kujaza sehemu za chini za pafu. Wengi hupuliza badala ya kuvuta, kwa hiyo mtazame akifanya kabla ya kumwachia.

Baada ya pumzi hizo akohoe. Akumbatie mto mgumu au taulo iliyokunjwa, aukandamize mahali panapouma kwa mkono wa upande wa pili wakati wa kukohoa tu, kisha aulegeze. Tofauti na bandeji, mto huu unashika kwa sekunde mbili na kuacha pumzi zinazofuata ziwe huru. Asiyeweza kukohoa aanze kwa kutoa hewa kwa nguvu huku mdomo na koo vikiwa wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo, mara mbili au tatu, hadi makohozi yapande karibu na koo. Ndugu aliye kando anaweza kushika mto huo na kuhesabu pumzi, na kwa uzoefu wangu mgonjwa mwenye ndugu anayehesabu hufanya mazoezi mara nyingi kuliko yule aliyeachiwa karatasi ya maelekezo.

Atembee siku ya kwanza au ya pili ikiwa majeraha mengine yanaruhusu. Apigwe mswaki mara mbili kwa siku, kwa sababu vijidudu vya mdomoni ndivyo vinavyoteremka kwenye pafu, na ale akiwa amekaa. Mvutaji wa sigara asivute.

Hatua ya saba: mwone anaposhuka kabla homa haijaja

Kiasi cha pumzi hupungua mapema kuliko homa. Siku ya tatu asubuhi mzee wetu alivuta mililita 900, ilhali jana yake alifika 1,300. Joto lilikuwa nyuzi 37.6, pumzi 24 kwa dakika, makohozi machache meupe. Ganzi yake ilikuwa imeisha usiku wa manane na hakuna aliyeirudia. Eksirei ilionyesha sehemu ya chini ya pafu la kushoto imenywea, na hapakuwa na damu mpya iliyojaa, jambo ambalo ni lazima litazamwe kwa sababu damu huweza kuvuja siku nyingi baada ya ajali.

Hakupewa antibiotiki. Pafu lililonywea bila makohozi ya usaha na bila homa linahitaji ganzi, kukaa wima na kukohoa, na antibiotiki za kutangulia hazizuii nimonia ya mbavu zilizovunjika bali huzalisha vijidudu sugu. Ganzi ilirudiwa kisha mrija wa ganzi ukawekwa, mazoezi yakasimamiwa kila saa, na jioni alifika 1,200. Kama angekuwa na homa inayozidi nyuzi 38, makohozi ya njano au ya kijani, mahitaji ya oksijeni yanayopanda na kivuli kipya kwenye picha, hiyo ingekuwa nimonia, na antibiotiki zingeanza siku hiyohiyo baada ya kuchukua makohozi ya kupima.

Lengo la oksijeni ni asilimia 94 hadi 98, au 88 hadi 92 kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaomfanya ahifadhi hewa chafu. Pumzi zikizidi 30 kwa dakika, au oksijeni ikishindwa kupanda licha ya barakoa, au akianza kuchanganyikiwa na kuchoka, apelekwe chumba cha wagonjwa mahututi. Barakoa yenye shinikizo huweza kumsaidia aliye macho, mradi pawe na uangalizi wa karibu na hewa iliyovuja kifuani iwe imetolewa kwanza. Mashine ya kupumulia hutumika kwa aliyeshindwa kupumua, si kwa sababu tu kipande cha kifua kinayumba. Aliye na kifua legevu anayeelekea kushindwa licha ya ganzi nzuri, daktari wa upasuaji aitwe mapema kuangalia kama mbavu zifungwe kwa bamba za chuma, kwa sababu kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi ndani ya siku tatu za mwanzo kuliko baada ya nimonia kuingia.

Hatua ya nane: kumruhusu aende nyumbani

Mzee wetu aliondoka siku ya tisa, akiwa anavuta mililita 1,500, anakohoa kwa nguvu, anatembea bila oksijeni, na anatuliza maumivu kwa vidonge. Alielezwa kwamba maumivu yataendelea kwa majuma kadhaa na huweza kufika miezi mitatu, aendelee na parasetamoli kwa saa katika juma la kwanza nyumbani, apunguze mofini hadi kuiacha, na asiinue mzigo mzito kwa majuma sita. Spairometa aliondoka nayo, pamoja na agizo la pumzi kumi kila saa hadi atakapokohoa bila kushika ubavu. Ndugu yake aliambiwa amrudishe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki akipata homa, makohozi ya rangi au ya damu, kizunguzungu, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, au akihema ghafla kuliko jana yake, hata ikiwa ni juma la pili tangu aanguke.